Ulinaswa Ukicheka: Jinsi ya Kuandika Kapsheni ya Picha Uliyopigwa Bila Kujua

Napiga picha za harusi, ruracio na sherehe ndogondogo hapa Nairobi, na kila Jumatatu nikishatuma picha za wikendi, swali ni lile lile. Watu hawaniulizi kuhusu picha za kupangwa mstari. Hizo wanajua la kuziandikia. Wananiuliza kuhusu ile moja niliyowanasa nayo pembeni, kichwa kimeinama, mkono uko mdomoni, meno yote nje. "Hii nimeipenda sana, lakini niandike nini?" Wengine picha wameipata kwa binamu au mwenzao wa kazini, si kwangu, ila swali halibadiliki.

Basi nimeandika mwongozo huu nianze kuutuma badala ya kujibu mmoja mmoja. Unahusu picha ya aina moja tu: mtu mwingine alikupiga hujui, umeiona baadaye, imekuchekesha, na papo hapo umeona haya kidogo. Ukiwa ulijipanga ukatazama pembeni makusudi, mwongozo huu hautakufaa.

Unachohitaji kabla ya kuanza

Kwanza, picha yenyewe kutoka kwenye simu iliyoipiga. WhatsApp hubana picha inayotumwa kwa njia ya kawaida, na picha ya kunaswa mara nyingi ilipigwa kwa mbali au gizani, kwa hivyo ikibanwa sura inakuwa uji. Mwambie mwenzako aitume kwa kuchagua Document. Usitumie picha ya skrini uliyopiga kwenye stetasi yake.

Pili, ruhusa yake. Wengi hushangaa hapa: "Si ni sura yangu?" Sura ni yako, lakini kwa Sheria ya Hakimiliki ya Kenya ya 2001, picha ambayo rafiki aliipiga mwenyewe bila wewe kumwagiza ni kazi yake. Kati ya marafiki hii ni ujumbe wa maneno mawili tu, "Naweza kuiweka?", na jibu huja kabla hujaiweka simu chini. Kama kuna uso wa mtu mwingine unaoonekana vizuri, naye muulize. Kama ni mtoto, muulize mzazi wake.

Tatu, dakika tano za kuongea na huyo aliyekupiga. Hiki ndicho kitu ambacho karibu kila mtu hukiruka, na ndicho kinachofanya kapsheni iwe hai. Nitakirudia.

Nne, jua itakaa wapi. Stetasi ya WhatsApp huondoka baada ya saa 24, lakini ndani ya saa hizo inaonwa na mama mkwe, mwenyekiti wa chama, fundi wa mabomba uliyemhifadhi mwaka juzi na bosi. Instagramu inakaa, ila wanaokufuata wengi ni rika lako. Maneno yanayofaa huku huenda yasifae kule.

Mfano tutakaoufuata

Dada mmoja ninayemfahamu, anafanya kazi ofisini mjini na anaishi Umoja, ameniruhusu nitumie picha yake. Ilipigwa na mwenzake wa kazini, jioni, wakishuka matatu kuelekea nyumbani. Amesimama kwenye jiko la mutura kando ya steji. Amevaa koti la ofisi, mkoba ameubana kwapani, mkono wa kulia umeshika kipande cha mutura kinachotoa moshi. Mkono wa kushoto uko njiani kuelekea mdomoni, umechelewa, kwa hivyo kicheko kimeonekana chote. Mwuzaji naye ameinamia ubao wake akikata kachumbari, ila shavu lake linaonyesha kwamba anacheka pia.

Alinitumia picha hiyo na kapsheni aliyokuwa ameiandika: "Nilinaswa bila kujua 🙈😂 sina la kusema." Akaniuliza kama iko sawa. Nilimwambia tuanze upya, na hizi ndizo hatua tulizozifuata.

Hatua ya 1: Tazama kila kitu isipokuwa sura yako

Mtu akiona picha yake ya kunaswa, jicho huenda moja kwa moja kwenye kidevu, nywele, tumbo. Kapsheni inayoandikwa jicho likiwa hapo hugeuka utetezi: "msiangalie nywele", "mwanga ulikuwa mbaya", "huwa sikai hivi". Msomaji hakuwa ameona nywele hizo. Sasa ameziona, kwa sababu umemtuma.

Kwa hivyo funika uso wako kwa kidole gumba kwenye skrini, kisha taja vitu vitano vinavyobaki. Kwenye picha ya huyu dada tulipata mkoba uliobanwa kwapani, moshi, koti la ofisi, mkono uliochelewa, na shavu la mwuzaji. Mbili kati ya hizo zina habari ndani yake. Mkono uliochelewa unasema alicheka kabla ya kukumbuka kuona haya. Shavu la mwuzaji linasema kuna kitu kilichozungumzwa. Picha haina sauti, na hapo ndipo kapsheni inapopata kazi.

Hatua ya 2: Tafuta sekunde kumi za kabla

Sasa piga simu au umtumie sauti yule aliyekupiga, na umwulize maswali mawili tu. Ni nini kilikuwa kimetoka kusemwa? Na kwa nini yeye alitoa simu wakati huo?

Usiulize "nilikuwaje?", maana atakwambia ulikuwa umependeza na mtaishia hapo. Unatafuta maneno yaliyotamkwa, bei iliyotajwa, wimbo uliokuwa ukipigwa kwenye matatu, mtoto aliyeanguka akainuka akicheka. Wewe mwenyewe huenda hukumbuki, kwa sababu ulikuwa ndani ya tukio. Aliyekupiga alikuwa nje akilitazama.

Mwenzake wa huyu dada alijibu mara moja. Dada alikuwa amekula kipande, akamwambia mwuzaji, "Niwekee ya mwisho." Akawekewa. Akaisema tena, "Niwekee ya mwisho." Mara ya tatu mwuzaji, bila hata kuinua macho kutoka kwenye ubao, akamwuliza, "Ya mwisho ya ngapi, madam?"

Hapo ndipo kicheko kilipotoka, na ndipo simu ilipotolewa. Dada mwenyewe alikuwa amesahau swali hilo kabisa, alikumbuka utamu wa mutura tu.

Ukifika hapa umemaliza zaidi ya nusu ya kazi. Kapsheni ya kwanza, "Nilinaswa bila kujua", inaweza kuwekwa chini ya picha ya mtu yeyote Nairobi nzima. "Ya mwisho ya ngapi, madam?" inakaa chini ya hii peke yake. Hicho ndicho kipimo ninachokitumia kila mara: hamisha maneno yako kimawazo uyaweke chini ya picha ya jirani. Yakikaa vizuri huko, bado hujapata.

Hatua ya 3: Liweke tukio kwa mpangilio, kwa vitenzi vifupi

Andika kilichotokea kama ungemsimulia mtu kwenye foleni. Kiswahili kimetupa njia rahisi ya kufanya hivi: kitenzi cha kwanza kichukue "-li-", vinavyofuata vichukue "-ka-". Nilisema, akauliza. Nilikaa, akanisogelea. Masikio yetu yamezoea mwendo huu tangu hadithi za bibi, na msomaji akiuona anajua kuna jambo linakuja.

Ukitaka mwanzo wa utulivu zaidi, anza na "Hapa nilikuwa". Hapa nilikuwa nangoja chenji. Hapa nilikuwa namweleza shemeji kwamba mimi sichezi. Neno "hapa" linanyoosha kidole kwenye picha, na "nilikuwa" linaonyesha kwamba ulikuwa na shughuli zako, hukuwa na habari ya kamera.

Kosa la kawaida hapa ni kitenzi "kupigwa". Ukiandika "Nilipigwa jana Umoja" ukaacha neno "picha", shangazi atakupigia simu akitaka kujua ni nani aliyekupiga na kama umefika hospitali. Andika "nilipigwa picha" kwa ukamilifu, au tumia "nilinaswa". "Kunaswa" lina utamu wake, kwa sababu linabeba ndani yake kwamba ulikuwa unafanya kitu ambacho hukukusudia kionekane.

Watu huniuliza pia kama waandike "nikila" au "nikikula". Kwa Kiswahili sanifu ni "nikila". Huku kwetu midomoni ni "nikikula". Mimi nasema hivi: maneno uliyoyatamka yabaki kama ulivyoyatamka, kwa sababu hayo ni ushahidi. Sehemu ya masimulizi iandike kwa namna ambayo haitakukwaza ukiisoma mwaka ujao.

Rasimu ya dada baada ya hatua hii ilikuwa hivi:

"Jana jioni tukitoka kazini nilipita kwa mutura na mwenzangu, nikamwambia jamaa aniwekee ya mwisho, nikala, nikamwambia tena, mara ya tatu akaniuliza ni ya mwisho ya ngapi, nikacheka sana na kumbe mwenzangu alikuwa ananipiga picha, aki nimeona aibu."

Kila kitu kimo, na hicho ndicho kinachoilemea. Hatua zinazofuata ni za kupunguza na kupanga.

Hatua ya 4: Toa kila ambacho picha imeshakisema

Jioni inaonekana. Mutura inaonekana. Kutoka kazini kunaonekana kwenye koti. Kicheko ndicho picha yenyewe. Vyote hivyo vinaondoka, na huhitaji kuvionea huruma, bado vipo pale juu.

Kinachobaki ni mazungumzo na ugunduzi. Mazungumzo yaweke kwenye alama za kunukuu, yasikike. Ukiyasimulia ("akaniuliza ni ya mwisho ya ngapi") unayapoza. Ukiyaacha yaseme yenyewe, msomaji anaisikia hata ile "madam" ya mwuzaji, heshima iliyobeba utani ndani yake, na hapo kicheko kinatoka bila wewe kutangaza kwamba kilikuwa cha kuchekesha.

Emoji nazo zipitie mlango huu. Tumbili aliyefunika macho watu humtumia kusema "naona haya", na mara nyingine anafaa sana. Lakini kama kwenye picha tayari mkono wako uko mdomoni, tumbili anarudia kile kile. Ukimtaka, awe mmoja, na akae mwisho. Akikaa mwanzo, anamwambia msomaji acheke kabla hajapewa la kuchekea.

Hatua ya 5: Chagua mahali pa "kumbe"

Kama kuna neno moja la Kiswahili lililotengenezwa kwa picha hizi, ni "kumbe". Ndilo neno la mtu aliyejua jambo kwa kuchelewa. Linabeba mshangao na haya kwa pamoja, na linakuondolea kazi ya kuandika "sikujua", "sikutarajia", "nilishtuka".

Tumia mara moja tu. Na usianze nalo, isipokuwa kama huna mazungumzo yoyote ya kuweka. Ukianza na "Kumbe nilikuwa napigwa picha", msomaji ameshajua mwisho, na mazungumzo yanayofuata yanakuja yakiwa yamechoka. Weka tukio kwanza, "kumbe" ije baadaye, kwa mpangilio ule ule ambao wewe ulijua: kwanza ulicheka, kisha ukagundua.

Kosa ninaloliona sana ni "kumbe" ya uongo. Mtu amejipanga chini ya mti pale Arboretum, ametazama pembeni, kidevu kimeinuliwa, mguu mmoja mbele, kisha anaandika "Kumbe nilikuwa napigwa 😅". Wanaomjua wanaona. Mtu asiyejua kamera ipo hubana mkoba kwapani, hukunja vidole ovyo, mabega yake hushuka. Picha ya kupangwa ni nzuri kwa namna yake na ina kapsheni zake. Ukiiazimia "kumbe", siku utakayonaswa kweli hutaaminika.

Hatua ya 6: Amua haya yako ni ya kiasi gani, na usiite aibu

Hapa naomba tukae kidogo, kwa sababu ndipo watu wenye soni hujiumiza bila kujua.

"Nimeona aibu" na "nimeona haya" kwenye mazungumzo ya Nairobi hutumika kama kitu kimoja. Kwenye maandishi hayakai sawa. Aibu inafuata kosa. Ukiiandika chini ya picha yako ukila, ukicheza au ukicheka, unamwambia msomaji kwamba kula au kucheka huko kulikuwa kosa, naye atakujibu kwa namna hiyo. Atakutania kuhusu kiasi ulichokula. Haya ni ile joto inayokupanda shavuni ukitazamwa, hata kama hukukosea chochote. Ndiyo uliyo nayo. Kama ni lazima uitaje, iite kwa jina lake: "naona haya kidogo".

Ila mara nyingi huhitaji kuitaja. Haya huonekana kwa kile unachokiacha. Mtu aliyeandika mistari miwili akanyamaza anaonekana mwenye haya kuliko aliyejaza aya nzima akieleza jinsi alivyoona haya. Kwa huyu dada tulifuta "nikacheka sana" na "aki nimeona aibu", na picha ikabeba vyote viwili.

Kapsheni yake ya mwisho ikawa hii:

"Nilisema, “Niwekee ya mwisho.” Akauliza, “Ya mwisho ya ngapi, madam?” Kumbe pembeni kuna mtu na simu."

Ni herufi 101 ukihesabu nafasi na alama. Instagramu inakubali hadi herufi 2,200, lakini kwenye ukurasa wa kupitia huonyesha mwanzo tu, karibu herufi 125, halafu inaficha zilizobaki nyuma ya neno more. Kapsheni ya aina hii haistahili kukatwa katikati, maana utamu wake uko mwisho. Jitahidi iishie kabla ya hapo.

Alitengeneza nyingine ya stetasi, kwa sababu kule kuna mama mkwe. Mazungumzo na mwuzaji wa mutura hayakuwa na ubaya wowote, lakini yeye mwenyewe hakuwa tayari kuanza kuulizwa kuhusu chakula cha nyumbani. Akaandika: "Hapa nilikuwa nimesema ni ya mwisho." Fupi, haina uongo, na anayetaka kujua zaidi atauliza. Kama huwezi kupata maneno yanayofaa watu wote, WhatsApp ina chaguo la My contacts except, unachagua wasioiona. Lifanye kabla ya kuposti.

Hatua ya 7: Mtaje aliyepiga, kwa namna mnavyoitana

Mstari wa mwisho, peke yake, uwe wake. Hapa ndipo mtu mwenye soni anapopata pumziko, kwa sababu macho ya wasomaji yanahama kutoka kwako kwenda kwa mwingine.

Usiandike kama gazeti kama hamzungumzi hivyo. Kama ni binamu, andika "Picha: binamu, niliyedhani anasoma meseji." Kama ni shemeji, mwite shemeji. Mtu mzima umpe heshima yake hata kwenye utani: "Amenipiga mjomba, na kamera yake mpya." Kama ni mpigapicha uliyemlipa au mliyekutana naye kwenye shughuli, tumia jina analolitumia kwa kazi, na umtagi, maana wateja wake hupatikana hapo. Dada aliandika, "Picha: mwenzangu wa dawati la pili, aliyekataa kuifuta." Neno "aliyekataa" linasema kwamba dada aliomba ifutwe. Hiyo ndiyo haya yote, imekaa kwenye neno moja, na haikumdhalilisha mtu.

Epuka kumshutumu. "Huyu mtu hana adabu, ananipiga bila ruhusa" unaweza kuwa utani kati yenu, lakini asiyewajua atalichukua kama malalamiko, na mwenzako atajisikia vibaya mbele ya watu. Ile ya Nairobi, "Si ungeniambia nijipange?", inafanya kazi hiyo hiyo bila kuchoma. Inalalamika na kushukuru kwa pumzi moja.

Hatua ya 8: Soma kwa sauti, kisha uposti

Soma mara moja kwa sauti, umesimama. Ukikwama mahali, hapo pana neno la ziada. Kisha angalia mahali ulipotagi. Dada alikuwa amemrudia mwuzaji kesho yake akamwonyesha picha, akamwuliza kama ni sawa uso wake ukionekana. Alicheka, akasema ni sawa, ila waandike ni wapi, watu waje. Waliandika mtaa tu, Umoja. Sikumshauri aweke steji yenyewe, kwa kuwa anapita pale kila jioni saa ile ile akiwa na mkoba, na si kila anayeona picha ni rafiki. Waliotaka kufika kwa mwuzaji walimwuliza dada kwa ujumbe, naye akawaelekeza.

Ukikwama

*Aliyepiga hakumbuki, na wewe hukumbuki.* Usitunge mazungumzo. Waliokuwepo watajua, na mmoja wao ataandika pale chini. Tumia kutokujua kwenyewe: "Hata sikumbuki nilikuwa nacheka nini. Mwenye kukumbuka anikumbushe." Nimeona hii ikileta majibu mazuri, kwa sababu shahidi wa tatu hujitokeza na hadithi kamili, na hapo unaweza kuirekebisha kapsheni.

*Kapsheni haichekeshi ukiisoma upya.* Kwa kawaida umeeleza mzaha. Tafuta sentensi inayoanza na "yaani" au "kwa sababu" na uitoe. Kama bado, jaribu kuondoa sentensi ya mwisho kabisa. Mara nyingi ya kabla yake ndiyo iliyokuwa mwisho.

*Picha ni ya shughuli ya heshima.* Kwenye ruracio au harusi wazee wapo kwenye picha, na wajukuu watawasomea kapsheni. Maneno ya utani yabaki juu yako mwenyewe. Ukinaswa ukicheka wakati mzee anaongea, usimnukuu mzee. Nukuu uliyekuwa ukinong'onezana naye, au uache picha hiyo kwenye kikundi cha familia pekee.

*Mwenzako ameshaiweka, na kapsheni yake huipendi.* Mwandikie yeye peke yake, si pale hadharani. "Naomba ubadilishe maneno, picha iache" hutosha. Kama picha yenyewe ndiyo inakukera, una haki ya kumwomba aitoe, maana ruhusa ya kukuonyesha ni yako kuitoa, si ya mtu mwingine yeyote.

*Umeposti, dakika kumi zimepita, na tumbo linakukoroga.* Usifute haraka. Kwenye Instagramu bonyeza nukta tatu juu ya picha, kuna Edit ya kubadilisha maneno na Archive ya kuificha bila kupoteza majibu ya watu. Picha yenyewe huwezi kuibadilisha ukishaiweka, maneno unaweza. Ifiche usiku mmoja, uitazame asubuhi ukiwa umekunywa chai. Dada wa mutura aliificha mara mbili jioni ile ya kwanza. Asubuhi aliirudisha, na wa kwanza kuandika chini yake alikuwa mama yake mzazi: "Na ilikuwa ya ngapi?"

*Mtu ameandika neno baya kuhusu mwili wako au ulichokuwa ukila.* Usijitetee, maana utetezi utasomwa kuliko picha. Futa maoni hayo. Kama ni jamaa ambaye huwezi kumfuta, jibu ambalo dada wa mutura alimpa mtu mmoja wa kanisani kwao linatosha: "Ilikuwa tamu, karibu Umoja."